Faida halisi ya akaunti ya akiba: usitoe, gawanya

Haya, jedwali liko wazi kwenye skrini. Leo tunatafuta namba moja tu: pesa uliyoweka akiba, kodi ikishakata chake na bei zikishapanda, imekuongezea uwezo wa kununua kwa kiasi gani? Wengi wetu huchukua riba, tukatoa mfumuko wa bei, tukaishia hapo. Mimi siku hizi sitoi, nagawanya. Kaa nami uone sababu.

Jaza haraka seli tatu. B1 ni riba ya mwaka, andika 12%. B2 ni kodi inayokatwa kwenye riba, andika 15%. B3 ni mfumuko wa bei wa mwaka huohuo, andika 8%. Narudia, mwaka huohuo. Usichukue riba ya mwaka huu ukaipiga na mfumuko wa mwaka juzi. Namba hizi ni za mfano, zako utaziweka baadaye.

Sasa tunaanza na kodi. Kodi kwanza, bei baadaye, na mpangilio huu ushike sana. Kodi inakatwa kwenye riba yote unayolipwa, pamoja na ile sehemu inayofidia tu kupanda kwa bei. Anayekata kodi hakuulizi vitu vimepandaje. Kwa hiyo riba ya 12% ikikatwa 15% yake inabaki 10.2%. Ukianza na bei halafu ukaja kwenye kodi, unapata 3.15%, namba tamu ambayo hakuna akaunti itakayokupa. Jibu la kweli liko chini ya hapo, tunaliendea.

Seli B4, andika hivi, polepole:

```
=(1+B1*(1-B2))/(1+B3)-1
```

Simama hapo kwenye mabano ya kwanza kabisa, yale yanayofunguka kabla ya 1. Ona yanapofungia: baada ya B2 kuna mabano mawili, la kwanza linafunga hesabu ya kodi, la pili linafunga sehemu yote ya juu, ile inayogawanywa. Ukiyaacha, kompyuta haitalalamika. Itakupa jibu safi kabisa, na ni jibu la uongo. Ngoja niyafute muone:

```
=1+B1*(1-B2)/(1+B3)-1
```

Mmeona? Skrini inasema 9%, kamili ni 9.44%. Jedwali limegawanya riba peke yake kwa 1.08, na mtaji wako haukuguswa, kana kwamba bei zimepanda kwa ajili ya riba tu na ile pesa uliyoanza nayo inanunua vilevile. Kosa hili nililifanya nikimsaidia dada yangu. Nilimwambia akaunti yake inampa zaidi ya 9 halisi, akafunga pesa zake mwaka mzima kwa neno langu. Bado linaniuma, ndiyo maana nalirudia: mabano yazunguke juu yote, na 1 iwe ndani. Kabla hujabonyeza, hesabu mabano yanayofunguka na yanayofunga. Hapa ni matatu kwa matatu.

Narudisha fomula nzima. Nabonyeza... ah, subiri. Skrini inasema 2% kavu. Hapana, fomula iko sawa, ni seli inaficha desimali. Ongeza desimali mbili kwenye mpangilio wa seli. Haya, sasa ni 2.04%. Kama na yako ilionyesha 2%, ni hilohilo.

Ungetoa tu, 10.2 kutoa 8, ungepata 2.2%. Unaweza kusema tofauti ni ndogo mno. Ebu tuiweke kwenye vitu vya kushika mkononi, maana hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoelewa.

Chukua 100,000, na daftari moja liwe 100. Leo unaweza kununua daftari 1,000. Badala ya kununua, unaweka pesa akiba. Mwaka ukiisha, riba ikishakatwa kodi, una 110,200. Lakini daftari sasa ni 108. Gawanya: 110,200 kwa 108. Unapata daftari 1,020 na chenji ya 40. Umeongeza daftari 20 juu ya 1,000, yaani 2 kwa mia na punje kidogo. Ndiyo ile 2.04% yetu.

Njia ya kutoa ilikuahidi daftari 1,022. Nenda nayo dukani: 1,022 mara 108 ni 110,376. Una 110,200. Umepungukiwa 176, na daftari mbili zinabaki rafuni.

Zimepotelea wapi? Faida yako yenyewe nayo unainunulia vitu kwa bei mpya, si kwa bei ya zamani. Kutoa kunasahau hilo. Ndiyo maana tunagawanya kwa 1.08: ile 2.2% ukiigawanya kwa 1.08 unatua palepale, 2.04%. Uhusiano huu unajulikana kama mlinganyo wa Fisher, kwa jina la mwanauchumi wa Marekani Irving Fisher.

Na kadiri mfumuko unavyopanda, ndivyo kutoa kunavyozidi kudanganya. Mfumuko ukiwa 40% na riba yako baada ya kodi ni 50%, kutoa kunasema umepata 10. Gawanya 1.5 kwa 1.4: ni 7.14. Hata kwa namba zetu za kawaida, iache akiba miaka 10 kwa viwango vilevile. Kutoa kunasema uwezo wako wa kununua umekua kwa 24.3%, hesabu kamili inasema 22.3%.

Jambo moja kuhusu akaunti yako. Mfano huu unachukulia riba inaingia mara moja kwa mwaka. Kama yako inaingia kila mwezi na kodi inakatwa papo hapo, usiweke 12% moja kwa moja. Mimi napendelea kuangalia taarifa ya akaunti: salio la mwisho wa mwaka ligawanye kwa salio la mwanzo, kama hukuweka wala kutoa kitu katikati. Hiyo tayari ni sehemu ya juu ya fomula, kodi imo ndani. Kilichobaki ni kugawanya kwa 1 kujumlisha mfumuko, na kuondoa 1.

Sasa tucheze na B1, sehemu ninayoipenda kuliko zote. Shusha riba hadi 9%. Bado iko juu ya mfumuko wa 8%, sivyo? Angalia B4: −0.32%. Kodi imeishusha riba hadi 7.65%, na bei zimeipita. Ukitaka kujua riba ya chini kabisa ya kukufanya usipate hasara, gawanya mfumuko kwa kile kinachobaki baada ya kodi: 0.08 kwa 0.85, ni kama 9.41%. Weka 9.41% kwenye B1 na B4 itagusa sifuri.

Kwa ile 9%, ukirudi dukani una 107,650 na daftari ni 108. Unaondoka na daftari 996. Mwaka jana ungeondoka na 1,000.