Dozi na Matone: Kuisoma Karatasi ya Dawa kwenye Picha ya Simu

(Mhadhara kwa wauguzi na matabibu, Lamu)

Asalaam aleikum wenzangu. Nyote mnaijua njia inayopitwa na karatasi ya dawa katika visiwa vyetu. Mtoto yuko Faza, karatasi yake inapigwa picha, picha inatumwa kwa simu hadi Lamu mjini, na aliyeko huku anaulizwa: tumpe kiasi gani, na dripu iende vipi? Leo nitachukua mtoto mmoja wa mfano na kumhesabia mwanzo hadi mwisho.

Ni mtoto wa miaka 2 mwenye malaria kali. Amelegea na hawezi kunywa. Kwenye picha tunasoma: uzito kilo 12, atesuneti 36 mg kwenye mshipa, dripu 1100 ml kwa saa 24, dozi ya kwanza "saa 2".

Kosa la kwanza ni kuanza na ile 36. Usianze nayo. Anza na uzito, kwa sababu hesabu yote inauegemea, halafu dozi uitafute mwenyewe kama vile hukuandikiwa. Ukishaipata, ndipo ulinganishe na picha. Uzito nao upime kwa umri: kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 5, chukua miaka yake, ongeza 4, zidisha kwa 2. Huyu ana 2, ukiongeza 4 ni 6, mara 2 ni 12. Kilo 12 inakubalika. Kama picha ingesomeka 21, au nukta ikaonekana katikati ikawa 1.2, fomula hii ingekustua kabla hujagusa kichupa. Ukingo wa karatasi ukiwa umekatwa na uzito hauonekani, usikisie. Piga simu mtoto apimwe, na picha irudiwe karatasi ikiwa imelazwa mahali penye mwanga wa pembeni, kona zote nne zionekane.

Sasa dozi. Mtoto aliye chini ya kilo 20 hupewa atesuneti 3 mg kwa kila kilo. Kuanzia kilo 20 ni 2.4 mg. Wadogo hupewa zaidi kwa kila kilo kwa kuwa miili yao huiondoa dawa haraka. Kwa hiyo 12 mara 3 ni 36 mg. Picha na hesabu zimekubaliana.

Lakini 36 mg haivutwi kwa bomba la sindano. Bomba lina mililita, na hapa ndipo watu huumizwa. Kichupa cha kawaida cha atesuneti kina unga wa 60 mg. Unaweka kwanza 1 ml ya bikaboneti inayokuja nayo, unatikisa mpaka maji yawe maangavu kabisa bila ukungu. Yakibaki na ukungu, tupa. Kisha, kwa mshipa, unaongeza 5 ml za salaini. Jumla ni 6 ml zenye 60 mg, yaani 10 mg katika kila ml.

```
36 mg ÷ 10 mg/ml = 3.6 ml
```

Kwa msuli mambo ni mengine: baada ya bikaboneti unaongeza 2 ml tu za salaini, jumla 3 ml, na kila ml inabeba 20 mg. Dozi ileile ya 36 mg sasa ni 1.8 ml. Fikirini basi: mshipa umekosekana, mwenzako wa Faza amechanganya dawa ya msuli, nawe kwenye simu umemwambia "vuta 3.6". Mtoto atapata 72 mg, mara mbili ya haki yake, na hakuna kwenye karatasi kitakachoonesha kosa. Ndiyo sababu mimi nashikilia kwamba usitaje mililita kabla hujauliza: umeongeza salaini ngapi?

Nukta nayo hupotea. Picha zinazotumwa kwa simu hubanwa, na 3.6 iliyoandikwa kwa kalamu hafifu hugeuka 36. Kuna njia ya kujua bila kubishana na picha: kichupa kizima kilichochanganywa kwa mshipa kina 6 ml tu. Mililita 36 ni vichupa 6, yaani 360 mg, mara kumi. Mtoto wa kilo 12 akikuhitaji ufungue kichupa cha pili kwa dozi moja, simama. Dawa hii hudungwa polepole kwa dakika 1 au 2, haitiwi ndani ya dripu, na itumiwe ndani ya saa moja tangu kuchanganywa.

Kuhusu "saa 2". Dozi za mwanzo ni tatu: inapoanza, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Mwandishi alimaanisha saa 2 usiku, yaani 20:00. Msomaji aliyezoea saa za kizungu ataona 02:00, na dozi inayofuata ataiweka saa sita mbali na mahali pake. Jibu lako liandike kwa saa 24: 20:00, halafu 08:00, halafu 20:00.

Dripu tuiangalie kwa utulivu. Kilo 10 za kwanza hupewa 100 ml kila moja kwa siku, na kilo 2 zinazobaki 50 ml kila moja: 1000 na 100 ni 1100 ml kwa saa 24. Kwa saa moja ni kama 46 ml. Karatasi iko sawa. Lakini muuguzi hahesabu mililita, anahesabu matone, na idadi ya matone katika 1 ml hutegemea mpira wa dripu ulioko mkononi. Imeandikwa kwenye pakiti yake: mipira mikubwa mingi ni matone 20, ule mdogo wa watoto ni 60.

```
matone kwa dakika = ml × matone kwa ml ÷ dakika
1100 × 20 ÷ 1440 = 15
1100 × 60 ÷ 1440 = 46
```

Picha ya karatasi haioneshi mpira. Ukiambiwa "matone 46" na mpira ni wa 20, zinaingia 138 ml kwa saa: maji ya siku nzima yanaisha ndani ya saa 8, na mtoto mwenye malaria kali hujaa maji mapafuni upesi. Kwa hiyo omba picha ya pili, ya pakiti ya mpira, kabla ya kutoa namba.

Matone 15 kwa dakika ni tone moja kila sekunde 4, yanahesabika kwa saa ya mkononi. Bandikeni plasta wima kwenye chupa, mwandike saa na alama ya kila 46 ml. Hii ndiyo inayofichua kosa, kwa sababu kiwango cha matone hubadilika mtoto akikunja mkono au chupa ikiinuliwa. Akisafirishwa kwa boti hadi Lamu, chupa inayumba na matone yanadanganya, basi angalieni alama kila robo saa. Kama kuna bureti, mjaze 46 ml tu kwa saa moja, ili hata kidhibiti kikifunguka asipate zaidi ya hizo.

Mwisho, watu wawili wahesabu kila mmoja kwenye karatasi yake bila kuoneshana. Majibu yakitofautiana, msichague la mkubwa kwa cheo, rudini kwenye uzito. Kisha aliyeko Faza asome kwa sauti kilichoandikwa kwenye kichupa, kwenye pakiti ya mpira na kwenye bomba alilovuta, wewe ukisikiliza huku umeifunga ile picha.