Katoni ya 24 yenye pakiti 20: kagua orodha ya bei kabla ya kutuma pesa

Habari zenu, wenzangu wa maduka. Niko dukani kwangu hapa Manyatta, Kisumu, na simu nimeisimamisha kwenye kaunta ili muone vizuri hii orodha ya bei niliyotumiwa asubuhi na duka la jumla la mjini. Ina safu tatu za namba: bei ya katoni, idadi ya vipande ndani yake, na bei ya kipande kimoja. Shika kikokotoo cha simu tufanye pamoja.

Anza na mstari wa sabuni ya kuogea. Katoni 3,960, vipande 36, kipande kimoja 110. Zidisha 36 kwa 110, unapata 3,960 kamili. Namba zote tatu zinapatana. Weka alama, shuka chini.

Sasa njoo kwenye biskuti za gramu 100. Katoni 1,080, pakiti 24, pakiti moja 54. Zidisha 24 kwa 54. Unaona? Ni 1,296, na katoni imeandikwa 1,080. Zimepishana kwa shilingi 216. Hapa simamisha video kidogo, ujiulize ni namba gani iliyokosewa.

Wengi wetu hugawanya 1,080 kwa 24, tunapata 45, kisha tunasema karani aligeuza tarakimu tu, 45 ikawa 54. Kosa la namna hiyo lipo, na lina dalili yake: namba ikigeuzwa tarakimu mbili zilizokaa pamoja, tofauti hugawanyika kwa 9. Hapa 54 kutoa 45 ni 9 kamili, kwa hiyo inashawishi sana. Mimi niliamini hivyo mwaka jana kwa mstari kama huu huu. Nikanunua katoni 6, nikapanga kuuza pakiti kwa 50, nikijua napata faida ya 5.

Niliyakuta nilipofungua. Ngoja niwaonyeshe kwa katoni hii niliyo nayo. Nakata utepe, nafungua. Hesabu nami: pakiti 5 kwenye mstari, na mistari ni 4. Hakuna safu nyingine chini. Ni pakiti 20. Gawanya 1,080 kwa 20 unapata 54, ile ile bei niliyodhani imegeuzwa. Nilikuwa nauza kwa 50 kitu nilichonunua kwa 54. Kila katoni iliniingizia 1,000 badala ya 1,200 niliyotarajia, nikapoteza 80, na kwa katoni 6 ni 480. Iliniuma kwa sababu orodha ilikuwa imenionya, ila mimi nilichagua namba iliyonipendeza.

Kwa hiyo mstari usipopatana, kila namba ipe zamu yake ya kushukiwa. Chukua daftari uandike sentensi tatu. Kama idadi na bei ya pakiti ni sahihi, basi katoni ni 1,296. Kama katoni na idadi ni sahihi, basi bei ya pakiti ni 45. Kama katoni na bei ya pakiti ni sahihi, basi idadi ni 20. Kikokotoo kinafika hapo tu. Hakiwezi kukuambia ipi ni ya kweli, kwa sababu zote tatu zinawezekana. Inabidi uitafutie kila namba shahidi.

Shahidi wa idadi ni katoni yenyewe. Hebu nisogeze simu hapa ubavuni. Pameandikwa `20 x 100g`, yaani pakiti 20 za gramu 100. Viwanda hubadilisha ujazo wa katoni, na mwandishi wa orodha anabaki na idadi ya zamani. Ukiwa mbali, omba picha ya ubavu wa katoni. Tena angalia kama kuna maboksi madogo ndani, maana hapo "kipande" kwenye orodha huenda ni boksi zima.

Shahidi wa bei ya katoni ni muuzaji, kwa sababu hiyo ndiyo pesa utakayotoa. Leo asubuhi nilimpigia kijana wa mauzo. Nikamwambia, "Kijana wangu, biskuti za gramu 100, nikichukua katoni moja nalipa ngapi, na ndani ziko ngapi?" Akasema, "Elfu moja na themanini, mama. Ziko ishirini na nne." Nikamwomba aende stoo ahesabu katoni moja. Baada ya dakika chache akanipigia: "Mama, ni ishirini kweli. Nitarekebisha." Usimuulize tu kama orodha iko sawa. Atakusomea ile ile uliyo nayo mkononi.

Kuna mstari mwingine unaosumbua kwa namna yake. Mafuta ya kupaka: katoni 4,176, chupa 24, chupa moja 150. Zidisha 24 kwa 150, ni 3,600. Sasa gawanya 4,176 kwa 3,600. Inatoka 1.16. Ukiona hiyo 1.16, shuku kwanza kodi ya ongezeko la thamani, ile VAT ya asilimia 16. Bei ya chupa imeandikwa bila kodi, ya katoni ikawekwa na kodi. Kama ndivyo, hakuna namba iliyokosewa, ila chupa yako ni 174, wala si 150. Muulize muuzaji moja kwa moja, "VAT iko ndani?" Lakini 1.16 ikitokea kwenye unga wa mahindi, tafuta sababu nyingine, kwa kuwa kodi hiyo kwenye unga wa mahindi ni asilimia sifuri.

Na msigombane na duka kwa tofauti ndogo. Peremende hizi katoni ni 1,000, pakiti 36, pakiti moja 28. Ukizidisha unapata 1,008. Ni kwa sababu 1,000 kwa 36 ni 27.78, wakaandika 28. Bei ikikadiriwa kwenye shilingi iliyo karibu, kosa halizidi senti 50 kwa kila pakiti, hivyo kwa pakiti 36 tofauti haiwezi kupita shilingi 18. Nane ni sawa. Zile 216 za biskuti, kwa idadi 24 iliyoandikwa, mpaka wake ulikuwa 12 tu.

Mwenye orodha ndefu aiweke kwenye Google Sheets: bei ya katoni safu ya B, idadi C, bei ya kipande D. Halafu kwenye E2 andika hii, uivute hadi chini:

```
=IF(ABS(C2*D2-B2)>C2/2,"KAGUA","SAWA")
```

Itakuonyesha mistari ya kukagua. Kazi ya kutafuta shahidi ni yako.

Mwisho, agizo langu naliandika hivi, ili namba zote zibaki kwenye simu: "Biskuti gramu 100, katoni ya pakiti 20, kwa 1,080, VAT ndani. Naomba katoni 2." Sitoi M-Pesa kabla hajajibu. Haya, ameshajibu: "Sawa mama, ya 20, VAT ndani." Na bei yangu ya rafuni nimeshaibadilisha, pakiti ni 60.