Barua kwa Mjumbe Asiyekuwepo Kikaoni

Ndugu makatibu, leo nitazungumzia barua moja tu: ile tunayomwandikia mjumbe aliyekosa kikao, na wenzake wakamgawia kazi akiwa hayupo. Muhtasari ana haki ya kuupata kama wajumbe wengine, lakini haumtoshi. Aliyekuwepo akisoma mstari mmoja wa muhtasari hukumbuka mjadala mzima uliouzaa. Asiyekuwepo ana mstari huo tu.

Nilijifunza haya nilipokuwa katibu wa kamati ya ukarabati wa ukumbi. Kikao kilikubali mabati ya paa yabadilishwe, kikampa mjumbe mmoja aliyekuwa safarini kazi ya kukusanya ankara kifani tatu. Nikamwandikia: "Imeamuliwa kwamba ushughulikie suala la mabati." Alishughulikia kweli. Alikuta bei nzuri, akatoa malipo ya awali kutoka mfukoni mwake. Tulipokutana tena, yeye anadai fedha zake, na kamati haina azimio la kununua chochote. Kosa lilikuwa langu, na kumwomba radhi mbele ya wenzake hakukumrudishia fedha.

Itazameni sentensi ile. "Imeamuliwa" haisemi ni nani aliyeamua: kikao, mwenyekiti, au mimi katibu? Na "ushughulikie" haina mwisho. Siku ile kila aliyekuwepo alijua kazi inaishia kwenye ankara, kwa sababu mweka hazina alisema fedha za mabati hazijaidhinishwa. Neno hilo lilisemwa kwenye mjadala, nami sikuliona kuwa ni sehemu ya uamuzi. Kumbe lenyewe ndilo lililokuwa mpaka wa kazi.

Leo ningehakikisha kwanza kwamba mpaka huo umeingizwa kwenye azimio lenyewe, kisha ningemwandikia hivi:

"Ndugu Mjumbe, udhuru wako ulipokelewa katika kikao cha tarehe 8. Azimio la 4 linasema: 'Kamati imekubali mabati ya paa la ukumbi yabadilishwe. Ununuzi usifanyike mpaka kamati ilinganishe bei na kuidhinisha fedha.' Kutokana na azimio hilo, kamati imekuteua ukusanye ankara kifani tatu kutoka kwa wauzaji watatu tofauti, zote kwa idadi na unene uleule wa mabati ulioonyeshwa kwenye vipimo nilivyoambatisha. Usilipe wala kuahidi malipo. Naomba ankara zinifikie tarehe 19, siku tatu kabla ya kikao kijacho. Kwa kuwa uliteuliwa bila kuulizwa, kama hutaweza, tafadhali niarifu kabla ya tarehe 12 ili mwenyekiti ateue mwingine."

Azimio nimelinukuu neno kwa neno, ndani ya alama za kunukuu, ili mjumbe aone ni lipi neno la kamati na ni lipi maelezo yangu. Nikilifupisha kwa maneno yangu, nimeshalitafsiri, na tafsiri ya katibu haina nguvu ya azimio. Vipimo vimeambatishwa kwa sababu ankara tatu za mabati ya unene tofauti hazilinganishiki, na mjumbe angelazimika kurudi upya kwa wauzaji. Tarehe 19 nayo ina sababu: nahitaji muda wa kuzigawa ankara pamoja na ajenda, wajumbe wasizione kwa mara ya kwanza mezani.

Sentensi ya mwisho ndiyo makatibu wengi huiacha, na mimi naiona ya lazima. Aliyekuwepo angeweza kuinua mkono akasema "siwezi." Huyu hakupata nafasi hiyo. Tusipompa, ukimya wake tutauhesabu kuwa ni kukubali, na kumbe pengine barua bado hajaifungua.

Maazimio mengine yasiyomhusu moja kwa moja yapewe mstari mmoja mmoja, basi. Nani alipinga na nani alikasirika, hayo yabaki nje. Na ikiwa mnaambatisha muhtasari, andikeni juu yake kwamba ni rasimu, kwa kuwa haujathibitishwa na kikao kinachofuata.

Barua itoke ndani ya siku mbili, mkingali mnakumbuka yaliyosemwa, na mwenyekiti apate nakala. Kisha subirini jibu, na mlisome kwa makini. "Nimeipata, asante" haijaonyesha kwamba kazi imeeleweka. Mjumbe aliyeelewa hujibu, "Nitaleta ankara tatu tarehe 19," au huuliza swali juu ya vipimo. Usipopata jibu la namna hiyo, mpigie simu kabla ya ile tarehe 12, umwombe akueleze kwa maneno yake anachokwenda kufanya. Akisema "nakwenda kununua mabati," bado una muda wa kumzuia.