Mauzo ya matawi matatu kwenye shiti moja, bila kukopi na kubandika

Haya, karibuni tena. Leo tunaunganisha mauzo ya matawi kwenye Google Sheets. Mfano wetu ni duka la spea za bodaboda lenye matawi Kariakoo, Mwenge na Mbagala. Kila tawi lina faili lake, na bosi anataka jumla moja inayojibadilisha yenyewe.

Kila faili lina shiti inayoitwa Mauzo, yenye safu nne: Tarehe, Tawi, Bidhaa, Kiasi. Mpangilio uwe uleule kote. Akitokea mtu wa Mbagala akaweka Kiasi kabla ya Bidhaa, imekula kwetu.

Fungua faili jipya, lipe jina. Shiti ya kwanza iite Linki. Majina ya matawi yakae safu A, linki za mafaili safu B kuanzia B2. Wengine wanabandika linki ndefu ndani ya fomula. Mimi sipendi, macho yanauma.

Sasa nisikilizeni vizuri. Msikimbilie fomula kubwa. Fungua shiti nyingine, iite Majaribio, na uandike hii peke yake, inavuta data kutoka faili la tawi:

```
=IMPORTRANGE(Linki!B2,"Mauzo!A2:D")
```

Inaleta #REF!. Usiogope. Weka kishale juu ya seli, kitatokea kitufe cha Allow access. Bonyeza. Subiri kidogo... Loading... intaneti yetu leo inatembea kwa miguu... haya, Kariakoo hao wameingia. Futa, weka B3, bonyeza tena. Futa, B4, bonyeza tena. Narudia: kila tawi lipewe ruhusa peke yake, kwanza. Ukishaifunga IMPORTRANGE ndani ya QUERY, ile fomula ya kuchuja na kujumlisha, mara nyingi kile kitufe hakionekani, unabaki unakodolea macho kosa tu. Na akaunti unayotumia lazima iwe imeshirikishwa kwenye faili la tawi.

Ruhusa zote tatu tayari? Una uhakika? Haya, fungua shiti nyingine, iite Muhtasari, seli A1:

```
=QUERY({
IMPORTRANGE(Linki!B2,"Mauzo!A2:D");
IMPORTRANGE(Linki!B3,"Mauzo!A2:D");
IMPORTRANGE(Linki!B4,"Mauzo!A2:D")},
"select Col2, sum(Col4)
where Col4 is not null
group by Col2
label Col2 'Tawi', sum(Col4) 'Jumla'",0)
```

Mabano ya mawimbi pamoja na nukta mkato yanapanga matawi moja chini ya jingine. Ukiweka koma, yanakaa ubavuni. Col2 ni Tawi, Col4 ni Kiasi, na C iwe kubwa. Ukiandika col4 inagoma. Ndugu zetu wa Bujumbura na Lubumbashi, kama faili lako limewekwa kwa mpangilio wa Kifaransa, zile koma zinazotenganisha vipengele vya fomula ziwe nukta mkato. Zilizo ndani ya sentensi ya select ziache.

Enter. Kariakoo sawa, Mbagala sawa, Mwenge 165,000... ngoja. Mwenge leo wameandika mauzo matatu: 45,000, 120,000 na 30,000. Hiyo ni 195,000. Elfu thelathini imekwenda wapi?

Tufungue faili la Mwenge. Mnaona? Kiasi cha tatu kimeandikwa "30,000/=" na kimeegemea kushoto, wenzake wako kulia. Hayo ni maandishi, siyo namba. QUERY inaangalia safu nzima, inafuata aina iliyo nyingi, na iliyobaki inaihesabu kama seli tupu. Haikupi kosa lolote, na ndiyo hatari yake. Ukiona #REF! utahangaika urekebishe, jumla iliyopungua unaipeleka kwa bosi hivyohivyo.

Ili kuwanasa, kwenye kila faili la tawi weka hii pembeni, F1:

```
=COUNTA(Mauzo!D2:D)-COUNT(Mauzo!D2:D)
```

Ikileta 0, safi. Mwenge inaleta 1. Nafuta ile alama, nabakiza 30000... F1 imekuwa sifuri. Turudi Muhtasari... bado 165,000... haya, 195,000. Ikichelewa msianze kufuta fomula. Inaweza kuchukua muda.

Kama mnaipenda ile /= isionekane imeondoka, chagua safu D, nenda Format, Number, Custom number format, kisha andika:

```
#,##0"/="
```

Muuzaji anaandika namba tupu, alama inajitokeza yenyewe.

Jambo moja kabla hamjamtumia mtu linki ya Muhtasari. Ukimpa haki ya kuhariri, anaweza kuandika IMPORTRANGE yake na kuvuta shiti yoyote ya faili la tawi, hata ile ya mishahara. Mpe haki ya kuangalia tu, na mishahara ihamie faili lake.

Nakala tupu za mafaili haya, zenye F1 na Linki tayari, naziuza. Anayezitaka aniandikie.