Logo mpya kwenye shati lenye mikunjo

Neema: Haya karibuni tena, leo kuna kazi aliyoipata Baraka, kampuni imebadilisha jina na picha za wafanyakazi zilishapigwa na polo za zamani, kwahiyo anabadilisha logo kwenye picha kwa Photoshop.

Baraka: Ee, polo ya bluu iliyokoza, logo nyeupe kifuani, halafu jamaa amekunja mikono, kwahiyo kuna mkunjo mkubwa unatoka kwapani unapita katikati ya jina.

Neema: Unafuta ya zamani kwanza si ndio?

Baraka: Subiri dada, usifute! Ile ya zamani ndo ramani yako. Jina lina herufi sita, ya nne inaonekana nusu, nusu imemezwa na mkunjo, hapo umeshajua kitambaa kiasi gani kimejificha. Mi naiacha kwenye leya yake, nachora mstari juu na chini ya herufi nione zinavyopinda, ndo nasafisha shati kwenye leya nyingine.

Neema: Halafu Displace, ile filta ya kupinda logo ifuate mikunjo.

Baraka: Ndio, ila ramani ya Displace, yaani picha ya kijivu inayoiongoza, itoke kwenye shati lililosafishwa. Ile filta inasoma mwanga tu, kijivu cha katikati, yaani 128, hakisogezi kitu, cheusi kinavuta huku, cheupe kule. Ukiiacha logo nyeupe humo, filta inadhani ni mwinuko, logo mpya inapata kingo za ajabu zenye umbo la herufi za zamani.

Neema: Aah, kumbe ule uchafu unatokea hapo!

Baraka: Hapo hapo. Toa rangi, weka ukungu kidogo nyuzi zisionekane, sevu PSD. Kwenye skeli usizidishe, 100 inasogeza mpaka pikseli 128, kwahiyo 10 ni kama 13 hivi, inatosha kwa mikunjo midogo.

Neema: Na ule mkubwa?

Baraka: Displace haiuwezi, yenyewe inasogeza haifichi. Hapo nakata logo vipande viwili kwenye mstari wa mkunjo, cha pili nakisogeza kiingie chini ya cha kwanza mpaka kimezwe sawa na ile herufi ya nne, halafu nakizungusha kidogo maana upande ule kitambaa kimegeuka.

Neema: Kivuli je? Wengi wanaiweka logo Multiply, ile modi ya leya inayotia giza vilivyo chini yake.

Baraka: Kwa logo nyeusi kwenye shati jeupe sawa, ila nyeupe kwenye bluu ukiiweka Multiply inapotea kabisa. Iache Normal, chukua kopi ya shati safi, itoe rangi, ipandishe mwanga mpaka sehemu bapa ziwe karibu nyeupe, ndo hiyo uiweke Multiply juu ya logo tu.

Neema: Na kama logo ni ya kudarizi?

Baraka: Ile ngumu, ina kitambaa kigumu nyuma, mikunjo inaizunguka zaidi kuliko kuipita, kwahiyo punguza skeli. Mwisho linganisha weupe wake na kitu cheupe kwenye picha, meno au kola, ikiwa inang'aa kuliko hivyo shusha, maana inaelea.

Neema: Haya, nyie mliotuma maswali ya kofia, hiyo wiki ijayo.