Nauli Hufuata Mzigo: Gharama ya Mtaji Mwenye Kinu Anapojenga Hoteli

Assalaam alaykum, na habari za jioni. Wazee wangu shikamooni. Nashukuru mmefika baada ya kazi, na naona wahasibu wengi wa kampuni za familia za hapa Tanga, basi nitazungumza nanyi moja kwa moja.

Mada yetu ni kampuni yenye biashara tulivu inayotaka kuingia kwenye biashara yenye hatari zaidi. Mradi huo mpya tuupime kwa kiwango gani cha faida? Nimeichagua kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nikiwa mhasibu kijana katika kampuni moja, niliandika andiko la mradi wa aina hii kwa kutumia kiwango cha kampuni mama. Bodi ilipitisha. Hesabu ilikuwa safi, hakuna tarakimu iliyokosewa, na mradi ulikula fedha ya wenye hisa miaka yote niliyokuwa pale. Hadi leo linaniuma, maana hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Tulitumia kipimo kisicho chake.

Tuchukue mfano. Kampuni ya kubuni ina kinu cha unga wa mahindi hapa mjini. Mtaji wake ni asilimia 70 ya wenye hisa na asilimia 30 mkopo, kwa thamani ya soko na si ya vitabuni. Hatifungani za serikali za muda mrefu tuzichukulie zinalipa asilimia 12, na mtu anayenunua hisa anataka nyongeza ya asilimia 6 kwa kubeba hatari ya soko zima. Hizi ni namba za darasani. Mkirudi ofisini mtaweka za siku hiyo.

Beta ya hisa za kinu ni 0.7. Beta inatuambia biashara inatikisika kiasi gani uchumi mzima unapotikisika. Mwenye hisa wa kinu basi anadai 12 jumlisha 0.7 mara 6, yaani asilimia 16.2. Benki inamkopesha kwa asilimia 15, na kwa kuwa riba hupunguza kodi ya kampuni, ambayo kwetu ni asilimia 30, mkopo unamgharimu 10.5. Ukichanganya kwa uzito wa kila upande unapata asilimia 14.5. Hiyo ndiyo gharama ya mtaji ya kinu, na kwa kinu ni sahihi kabisa. Wakitaka kununua mashine mpya ya kukoboa au kujenga ghala la mahindi, waipimie hapo.

Sasa mwenye kinu ameona ufuo Pangani. Anataka hoteli ya bilioni 4. Mhasibu wake anakadiria fedha itakayobaki baada ya kodi ni milioni 830 kwa mwaka, miaka 10. Akizirudisha kwenye thamani ya leo kwa asilimia 14.5, anapata karibu bilioni 4.25. Toa bilioni 4 za ujenzi, inabaki faida ya milioni 246. Andiko linakwenda kwa bodi, watu wanapeana mikono.

Lakini tumtazame mgeni wa hoteli. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii wa kimataifa takriban milioni 1.5. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege, walishuka hadi kama laki 6 na elfu 20. Mwaka huo huo nani aliacha kula ugali? Mtu akipungukiwa fedha, safari ya ufukweni ndiyo anayoifuta kwanza, na unga ndio anaoufuta mwisho kabisa. Ongeza na hili: hoteli yenye vyumba 40 inalipa walinzi, wapishi, umeme wa jenereta na matengenezo ya paa la makuti, vijae vyumba 40 au vijae 6. Kinu kikikosa mahindi, kinapunguza zamu. Kwa hiyo mapato ya hoteli yakishuka kidogo, faida inaporomoka. Ndiyo maana beta ya hoteli huwa kubwa.

Na hapa naomba tusimame, maana wengi huteleza. Si kila kinachotisha kinaingia kwenye beta. Masika ya Aprili na Mei hupunguza wageni, lakini huja kila mwaka. Hayo yaweke kwenye makadirio ya mapato. Mkandarasi kuchelewa, bomba la maji ya chumvi kuoza, meneja kuondoka, yote yanaumiza, lakini hayafuati uchumi, na mwenye hisa mwenye vitega uchumi vingi hufidiwa kwingine. Yaweke kwenye makadirio ya fedha kama gharama au kama uwezekano wa mwaka mbaya. Nimeona watu wakipunguza mapato kwa hofu, kisha wakapandisha na kiwango kwa hofu ile ile. Hapo hatari moja imelipiwa mara mbili, na mradi mzuri unauawa.

Basi beta ya hoteli tunaipata wapi, wakati kinu hakijawahi kuwa na hoteli? Tunaiazima kwa kampuni ambazo kazi yao ni hoteli tu na hisa zao zinauzwa sokoni. Nairobi ipo TPS Eastern Africa, wenye hoteli za Serena. Nyingine utazitafuta kwenye masoko makubwa zaidi. Angalia chanzo cha mapato kabla ya jina la biashara. Gesti ya Ngamiani inayolaza wafanyabiashara wa machungwa ya Muheza nayo ni malazi, lakini mteja wake si mtalii, na hatari yake haifanani na ya Pangani.

Masoko yetu yana tatizo lake. Hisa inaweza kukaa wiki nzima bila kuuzwa, bei yake ikasomeka ile ile. Ukikokotoa beta kwa bei za kila siku, itatoka ndogo, kana kwamba kampuni haitikisiki, kumbe haijauzwa tu. Utaijua kwa kuhesabu siku ambazo bei haikusogea. Zikiwa nyingi, tumia bei za mwezi, au wape uzito zaidi wenzao wa masoko yanayochangamka.

Tuseme tumepata kampuni tatu, wastani wa beta zao ni 1.42, na kwa kila shilingi 100 za hisa zina deni la shilingi 60. Hiyo 1.42 imebeba mambo mawili: hatari ya hoteli, na hatari ya madeni yao. Madeni yao hayatuhusu. Kwa hiyo tunayavua, kisha tunavisha yetu. Naandika ubaoni:

```
beta_bila_deni = beta / (1 + (1 - kodi) * deni/hisa)
1.42 / (1 + 0.7 * 0.6) = 1.00

beta_ya_mradi = 1.00 * (1 + 0.7 * 0.25) = 1.175
```

Hiyo 0.25 imetoka wapi? Ni deni ambalo hoteli yenyewe inaweza kulibeba: asilimia 20 mkopo, asilimia 80 mtaji wa wenyewe. Si ile 30 kwa 70 ya kinu. Benki ikiiangalia hoteli peke yake haitaipa mkopo wa kiasi cha kinu, na itataka riba ya juu kidogo, tuseme asilimia 16.5, ambayo baada ya kodi ni 11.55. Mwenye hisa atadai 12 jumlisha 1.175 mara 6, karibu asilimia 19. Ukichanganya, gharama ya mtaji wa hoteli ni asilimia 17.5.

Rudisha milioni 830 zile zile kwa asilimia 17.5. Unapata karibu bilioni 3.8. Bilioni 4 zimekwenda, thamani iliyorudi ni pungufu kwa milioni 203. Wageni ni wale wale, bei ya chumba ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtaji umelipwa kulingana na kazi uliyotumwa. Mradi wenyewe unazalisha kama asilimia 16, juu ya kiwango cha kinu na chini ya kiwango cha hoteli. Miradi inayoangukia katikati hapo ndiyo hatari zaidi, kwa sababu kipimo kisicho sahihi kinaipitisha bila kelele.

Mzee hapa mbele ameuliza: "Mwanangu, benki imekubali kutukopesha kwa 15, si kwa 16.5. Kwa nini nijitoze ghali?" Shikamoo tena, mzee wangu, na swali lako ni la msingi. Benki imekubali 15 kwa sababu umeweka hati ya kinu dhamana. Hoteli ikishindwa, kinu kitalipa. Kwa hiyo ile tofauti hujasamehewa. Kinu ndicho kinachoibeba, na kesho kinu kikihitaji mkopo wake, dhamana imeshatumika. Iandike kwenye hesabu ya hoteli, mahali ilipotokea.

Na fedha ikiwa akiba yenu, haikukopwa popote? Bado ina gharama. Ndugu wenye hisa wangeweza kugawiwa fedha hiyo wakanunua hisa za hoteli sokoni, wakapata malipo ya hatari ya hoteli. Ukiwapa chini ya hapo, umewapunja.

Wenye majahazi wa pwani hii walilijua hili: nauli ya vyungu haikuwa nauli ya magunia ya chumvi, hata mwenye mzigo awe mmoja. Hata jirani zetu wa mamlaka ya maji walipouza hatifungani ya kijani mwaka 2024, riba asilimia 13.5 kwa miaka 10, mnunuzi alikuwa anatazama bili za maji ambazo watu wa Tanga hulipa kila mwezi. Fedha hiyo ingekuwa ya hoteli, mnunuzi yule yule angetaka bei nyingine.

Kuna upande wa pili ambao haupigiwi kelele. Baada ya hoteli, kampuni nyingine huchanganya vyote na kupata kiwango kimoja, tuseme 15.5. Kisha meneja wa kinu analeta ghala linalozalisha asilimia 15, bodi inamkatalia. Ghala lile lilistahili kupita, maana hatari yake ni ya unga, ya 14.5. Miaka ikipita, kinu kinanyimwa fedha na hoteli inalishwa, na kampuni inazidi kuwa ya hatari bila mtu yeyote kukaa mezani na kuamua hivyo.

Jambo la mwisho la hesabu: hoteli inalipwa kwa dola. Ukikadiria mapato kwa dola, kiwango nacho kiwe cha dola. Mapato ya dola yaliyopimwa kwa riba ya shilingi yataonekana mabaya kuliko yalivyo, kwa sababu riba ya shilingi imebeba mfumuko wa bei wa shilingi.

Dada wa nyuma ameuliza kama basi hoteli iachwe. Si lazima. Kwa asilimia 17.5, milioni 830 za miaka 10 zinastahili ujenzi usiozidi bilioni 3.8. Arudi kwa mkandarasi na michoro, aone vyumba gani vinaweza kusubiri awamu ya pili na kama bwawa la kuogelea ni la lazima mwaka wa kwanza. Akifika bilioni 3.7 bila kupunguza wageni, mimi mwenyewe ningempigia kura kwenye bodi.