Kuhesabu swala tusiowaona
(Mhadhara uliotolewa Dar es Salaam)

Habari za jioni, ndugu zangu. Wengi wenu mtashuka uwanda wa Mkata, kule Mikumi, kuhesabu swala pala kwa miguu, kwa hiyo leo sitazungumzia kitu kingine.

Mnatembea mstari ulionyooka. Swala walio karibu mnawaona, walio mbali wengine mnawakosa: nyasi, kichuguu, au jua la machoni. Zamani watu walijipangia ukanda, tuseme mita 150 kila upande, wakachukulia kwamba kila aliyemo ndani wamemwona. Hapo ndipo hesabu inapoharibika. Sisi hatudai hivyo. Tunadai jambo moja dogo, kwamba aliye juu ya mstari wenyewe hatukosi kumwona. Kuanzia hapo, tunaziacha data zituambie uwezo wetu wa kuona unapunguaje kadiri umbali unavyoongezeka.

Kwa hiyo kila kundi linahitaji umbali wake kutoka kwenye mstari, kwa pembe mraba. Mara nyingi unaliona likiwa mbele yako, siyo ubavuni. Unapima umbali kwa kipimaumbali cha leza, na pembe kwa dira. Likiwa mita 100 kutoka ulipo, pembe nyuzi 30 kutoka kwenye mstari, sini ya 30 ni nusu, kwa hiyo andika mita 50. Na upime pale lilipokuwa ulipoliona mara ya kwanza, siyo lilipokimbilia.

Tuchukue mfano, namba nimezitunga ili hesabu ionekane. Mistari 12, kila mmoja kilomita 5, jumla kilomita 60. Makundi 72. Tukiyapanga kwa hatua za mita 20 kutoka kwenye mstari, tunapata 19, 17, 13, 10, 6, 4, 2, na moja la mwisho likiwa mbele ya mita 140. Angalieni mwanzo: 19 na 17 karibu zinalingana, kisha mteremko unaanza. Bega hilo pana ndilo tunalolitafuta.

Mkunjo unaofaa hapa ni nusu ya ule wa mgawanyo wa kawaida, ambapo g(x) ni uwezekano wa kuliona kundi lililo umbali x kutoka kwenye mstari, na σ inaonyesha uwezekano huo unapungua haraka au polepole:

```
g(x) = exp(-x² / (2σ²))
```

Tuseme kompyuta imetupatia σ ya mita 60. Eneo chini ya mkunjo ni σ mara kipeuo cha pili cha π/2, yaani 60 × 1.253, karibu mita 75. Maana yake, makundi tuliyoyaona yanalingana na ambayo tungeyapata kama tungeona kila kitu hadi mita 75 kila upande na tusione chochote zaidi ya hapo. Eneo basi ni 2 × 0.075 × 60, kilomita za mraba 9. Makundi 72 kwa 9 ni 8 kwa kilomita ya mraba. Kundi likiwa na wastani wa swala 5, ni swala 40. Yule wa ukanda wa mita 150 angegawa kwa 18 na kupata 20. Nusu nzima imepotelea kwenye nyasi.

Dada mmoja amenong'ona, "Kwa nini tusitumie tu 75 kila mwaka?" Kwa sababu nyasi za Machi si zile za Septemba baada ya moto. σ hubadilika hata swala wakibaki walewale.

Sasa makosa. Mengi huonekana kwenye histogramu, ule mchoro wa nguzo unaoonyesha idadi ya makundi katika kila hatua, kabla hujagusa kompyuta. Nguzo ya kwanza ikiwa fupi kuliko ya pili, swala wamewasikia mkija wakasogea pembeni. Jibu litakuwa dogo mno. Nguzo hiyo ikiwa ndefu ghafla kama mnara, mara nyingi mtu amekadiria pembe kwa macho na kuandika sifuri pale palipokuwa na nyuzi 5. Katika mita 100, hizo nyuzi 5 ni karibu mita 9. Ukichagua mkunjo unaoufuata mnara huo kwa utiifu, upana unasinyaa na swala wanaongezeka kwenye karatasi tu. Binafsi sipendi kutibu hilo kwa kubadilisha mkunjo. Panua hatua ya kwanza ikibidi, ila dawa iko porini: dira mkononi, hata ukichoka.

Na msitembee barabarani. Barabara ya Iringa inayokatiza Mikumi haikuwekwa kwa kura, na kando ya barabara wanyama hukwepa au hukusanyika, kwa hiyo umbali wenu hausemi tena juu ya macho yenu peke yake. Mistari ipangwe kwa bahati nasibu, na iwe mingi. Makundi 60 hadi 80 yanatosha kuchora mkunjo, lakini kosa la makadirio hupimwa kwa tofauti kati ya mstari na mstari. Mistari miwili mirefu yenye makundi 72 haitawapa kipimo hicho cha kuaminika. 12 mifupi itawapa.